Siku ya Kuzika Ijulikane Kabla ya Bei ya Jeneza

Kwenye vikao vya msiba hapa Tanga, jambo la kwanza kubishaniwa huwa ni jeneza. Naona tunaanzia pasipofaa. Jeneza hununuliwa mara moja tu. Kinachomaliza michango ni siku za kukaa msibani, na hizo ndizo hatuzipigii hesabu.

Chukua msiba mmoja wa Mikanjuni ambao nilishika daftari la michango. Mzee alifariki hospitali ya Bombo usiku wa kuamkia Jumanne, na ukoo ukataka azikwe kwao, milimani Lushoto. Bei nitakazotaja ni za makadirio, maana hubadilika. Fundi alikuwa na jeneza la laki tatu na la laki tano. Watoto wa marehemu walivutana karibu saa nzima kwa ajili ya hiyo laki mbili ya tofauti. Kisha shemeji mmoja akasema tuzike Jumamosi ili wa Mwanza nao wawahi, na wote wakaitikia bila kuuliza lolote.

Turubai na viti vilikuwa elfu themanini kwa siku. Chai, wali, maharage, kuni na maji havikupungua laki mbili. Mochwari nayo inahesabu siku, tuweke elfu ishirini. Jumla ni laki tatu kila kukicha. Kutoka Alhamisi, siku ambayo tungeweza kuzika, hadi Jumamosi ni siku mbili, yaani laki sita. Hiyo ni mara tatu ya ile tofauti ya majeneza. Na hapo bado kijijini, ambako nako watu wameshakusanyika na jiko linawaka. Anayesafirisha maiti analisha misiba miwili kwa wakati mmoja, ila daftari la mjini huandika mmoja.

Majirani zetu Waislamu mara nyingi huzika siku hiyo hiyo au kesho yake, kwa sanda, na jeneza ni la msikiti, likishafikisha maiti kaburini linarudi. Sisemi kila familia ifuate hivyo. Nasema ule unafuu hautoki kwenye sanda peke yake, unatoka kwenye kutokulaza maiti. Kama wa Mwanza ni mtoto wa marehemu, asubiriwe, ndiyo haki yake. Ila kikao kitamke kwamba kumsubiri ni laki sita, kisha kiamue.

Usafiri ndio unaofuata kwa kuumiza, na hapo bei hailinganishwi kwa namba peke yake. Dereva wa kwanza alitaka laki sita, wa pili laki saba na nusu. Yule wa kwanza tukamuuliza, "Kaka, hiyo ni pamoja na mafuta?"

"Hapana, mafuta juu yenu. Na nikilala huko mnanipa ya kulala."

Wa pili alijumlisha yote. Kwa hiyo aliyeonekana ghali ndiye aliyekuwa nafuu. Uliza pia gari linafika wapi. Tanga hadi Mombo, na kupanda Soni mpaka Lushoto mjini, ni lami. Shida inaanza ukiiacha lami kuelekea vijijini: mvua ikinyesha, Kosta ya waombolezaji inakwama kwenye utelezi na mnatafuta gari jingine papo hapo, kwa bei ya mwenye gari. Mpigie mtu wa kijijini asubuhi ya safari umuulize hali ya barabara. Na vipimo vya jeneza, urefu na upana pamoja na vipini, watumiwe wachimbaji mapema. Kaburi likiwa jembamba, watu wanasimama juani huku udongo unachimbwa upya.

Ukumbi sioni sababu ya kuulipia iwapo ua wa nyumba au wa kanisa upo.

Kibali cha mazishi ndicho kitu cha gharama ndogo kinacholeta gharama kubwa kikipuuzwa. Kwa aliyefia hospitali, fuatilia hapo hospitali. Kwa aliyefia nyumbani, anza kwa mtendaji. Kabla ya kuondoka dirishani, soma jina herufi kwa herufi ukilinganisha na kitambulisho cha NIDA cha marehemu. Mzee wetu nyumbani aliitwa kwa jina la babu yake, na nusura liandikwe hilo. Kibali hicho ndicho kitakachoambatishwa mkienda RITA kuomba cheti cha kifo, na bila cheti benki na mifuko ya pensheni hawawasikilizi. Majina yakipishana mtatafuta wakili wa kiapo na nauli za kwenda na kurudi. Toa kopi kabla ya safari. Nakala halisi akae nayo mtu mmoja anayejulikana, maana njiani mnaweza kuulizwa, na kwenye pilikapilika za kaburini karatasi hupotea kirahisi.