Waliombishia Wegener hawakuwa wajinga kihivyo

Kijana mmoja hapa Mwanza kauliza: "Ramani tu inaonyesha Afrika na Amerika Kusini zilishikana, sasa maprofesa walikuwa wanabisha nini miaka 50?"

Tumpe Wegener, Mjerumani aliyesema mabara yanahama, haki yake kwanza, mwaka 1912 hakuja na ramani tu, alikuwa na visukuku na miamba inayofanana ng'ambo zote mbili za Atlantiki. Ila ukimuuliza bara zima linasukumwa na nini, anataja nguvu za dunia kujizungusha na mvuto wa mwezi na jua, na mwanajiofizikia Mwingereza, Jeffreys, akapiga hesabu akakuta nguvu hizo ni ndogo mno. Halafu akadai Grinlandi inasogea mita kadhaa kwa mwaka, wakati mwendo tunaoupima leo ni wa sentimita. We ungekubali?

Na ufuo wenyewe siyo ukingo wa bara. Mwanasayansi Bullard na wenzake walikuja kutumia kompyuta mwaka 1965, wakalinganisha mteremko ulio chini ya maji, kwenye kina cha kama mita 900, Afrika na Amerika Kusini zikakaa vizuri kweli, isipokuwa delta ya Niger ilipanda juu ya Brazili kwa sababu tope lile lilimwagwa baada ya mabara kuachana.

Kwangu mimi ubishi uliishia baharini. Miaka ya 1950 mchora ramani Marie Tharp alichora vipimo vya kina akaona bonde katikati ya mgongo wa Atlantiki, ile safu ya milima iliyo chini ya bahari, Heezen bosi wake akapuuza, mpaka matetemeko yalipochorwa yakaangukia mlemle bondeni, dalili kwamba sakafu ya bahari inapasuka pale.

Sasa mgongo ule haujanyooka, umekatika vipande vipande. Chukua kipande cha kaskazini kilichokaa mashariki zaidi kuliko cha kusini, na ufa umeviunganisha. Kama ulikuwa mgongo mmoja ukakatwa, basi upande wa kaskazini wa ufa unasogea mashariki, si ndiyo? Mwanajiofizikia Wilson mwaka 1965 akasema hapana, kama sakafu inazaliwa mgongoni na kwenda pande mbili, hapo katikati ya vipande upande wa kaskazini utakwenda magharibi, na ukipita ncha za vipande matetemeko yanakoma, maana sakafu za pande zote mbili za ufa zinaelekea kulekule. Mwaka 1967 mtaalamu wa matetemeko, Sykes, akasoma rekodi za mitetemo kwenye nyufa za namna hiyo, akakuta mwendo ni uleule aliousema Wilson. Hapo nadharia ilijiweka pabaya, ingeweza kuumbuka mchana kweupe, na ramani ya pwani haikuwahi kuiweka hapo.

Ila mipaka ya mabamba, yaani vile vipande vikubwa vya ganda la dunia vinavyosogea, msiichukulie kama mstari wa kalamu. Sisi wa Ziwa Victoria tuko juu ya kibamba kidogo kinachojizungusha taratibu kinyume cha saa kati ya mikono miwili ya Bonde la Ufa, na tetemeko la Kagera la 10 Septemba 2016, ukubwa wa 5.9, lilipiga huku upande wa ziwani, siyo ndani ya bonde kuu la magharibi lenyewe.