"Barafu Tayari" Maana Yake Nini?

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye kikao cha waganga wafawidhi, mwenzetu mmoja akasimama kutueleza alivyomaliza ugomvi wa wauguzi wake wawili. Aliwaita ofisini, akawaambia sisi sote hapa ni familia moja, wakapeana mikono, akaagiza soda. Makofi. Nami nikapiga, kwa adabu tu, maana soda hizo nimeshazinunua. Zangu zilidumu siku 19.

Waliogombana kwangu nitawaita Sista Mkubwa na Sista Mdogo, kwa umri. Mkubwa ndiye mwenye friji la chanjo: ufunguo, chati ya joto asubuhi na jioni, leja. Mdogo ndiye anayekwenda huduma ya mkoba kila Alhamisi, kijiji cha mbali, kwa bodaboda. Katikati yao kuna kasha la kubebea chanjo na pakiti zake nne za barafu, na hapo ndipo pa kugombania.

Alhamisi ya kwanza Mdogo alifungua kasha chini ya mwembe, akina mama wameshapanga foleni, akakuta vichupa vya penta, ile chanjo ya magonjwa matano kwa pamoja, vina barafu ndani. Polio ya matone ingeganda asingekuwa na wasiwasi. Penta ikishaganda imekwisha kazi, hata ukiiyeyusha vipi. Akawarudisha akina mama na watoto wao mgongoni, akapiga simu kituoni. Yaliyosemwa kwenye simu ile siyaandiki hapa.

Nikawaita wote wawili. Nikasema "shirikianeni". Neno tamu hilo, halikugharimu chochote zaidi ya soda tatu. Mdogo, ambaye humwamkia mwenzake shikamoo kila asubuhi, mlitegemea aseme nini mbele yake? Alisema "nisameheni", akatoka na donge lake kooni. Nami nikajiona Suleimani.

Siku 19 baadaye, yaleyale. Safari hii vichupa vilirudi kituoni jioni vikiwa maji matupu, na Sista Mkubwa akakataa katakata: hii haijaganda, huyu binti hataki tu kwenda kijijini. Basi nikachukua kichupa kingine cha penta, toleo lilelile, nikakigandisha kwenye friza usiku kucha makusudi. Kesho yake nikakiacha kiyeyuke, nikakitikisa pamoja na kile kilichorudi, nikaviweka mezani sambamba. Tukakaa watatu tunavitazama kama watu wanaosubiri chai ichemke. Chanjo nzima hubaki na rangi ya maziwa kwa muda, inatulia polepole. Iliyoganda hukatika chembechembe na kuzama haraka. Vichupa vyetu viwili vilizama pamoja, kwa mwendo mmoja. Sista Mkubwa hakusema kitu. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Nakiri, siku ile nilitamani kumaliza kesi hapohapo: Mkubwa ana makosa, funga faili. Ingekuwa dhuluma, na Alhamisi inayofuata penta ingeganda tena.

Ndiyo maana nakasirika ninaposikia habari za mikono na soda. Watu wawili wanaogombania kazi ya pamoja, mara nyingi ugomvi hauko moyoni mwao, uko ndani ya kazi yenyewe, kwenye hatua ambayo kila mmoja anaamini ni ya mwenzake. Ukiwapatanisha bila kuitafuta hatua hiyo, umewapa adabu ya kunyamaza mpaka wiki ya tatu. Wanaitafuta wenyewe kwa kutuhumiana, kwa sababu bosi wao amekataa kuitafuta kwa kalamu.

Mara ya pili nilimwita kila mmoja peke yake. Nikampa karatasi: andika unachofanya Alhamisi tangu unapofika mpaka kasha linapofungwa, kwa mpangilio na saa, na ni mwiko kumtaja mwenzako. Sharti hilo la mwisho ndilo gumu. Sista Mkubwa alifuta mara tatu.

Karatasi yake ilisema: saa kumi na mbili na nusu nafungua, nasoma joto, naandika. Nahesabu vichupa. Nikisikia pikipiki natoa barafu, naiweka mezani, nasema "barafu tayari". Naenda kufungua kliniki. Ya Mdogo: saa moja na robo nafika. Nikiambiwa barafu tayari napanga kasha. Saa moja na nusu naondoka.

Nikaziweka ubavu kwa ubavu. Barafu imo kote kuwili. Kusubiri hakumo popote. Pakiti ikitoka friza ni jiwe, ukiitia kwenye kasha inagandisha vichupa vilivyo karibu nayo. Inatakiwa ilazwe mezani mpaka ianze kuyeyuka ndani, ukiitikisa usikie maji. Hilo linaweza kuchukua nusu saa au zaidi, inategemea joto la chumba. Wote wawili wamefundishwa.

Nikauliza kila mmoja swali moja: "barafu tayari" maana yake nini?

Sista Mkubwa: "Imeganda kisawasawa, jiwe."

Sista Mdogo: "Imeshatoa jasho, maji yanasikika."

Miezi minane wanaambiana neno hilo kila Alhamisi.

Nikamuuliza Mdogo kwa nini basi hakuwa anaitikisa mwenyewe ahakikishe. Akaniangalia kama mtu asiyejua dunia. "Daktari, nitikise mbele yake? Si nitakuwa namkagua?" Na Mkubwa kwa upande wake alikuwa anachelewesha kuitoa barafu kwa nia njema kabisa, asije akamkabidhi mwenzake barafu iliyoanza kuyeyuka.

Baada ya hapo kugawa kazi hakukuchukua hata dakika kumi. Barafu yote, kuanzia mlango wa friza, ni ya Sista Mdogo, kwa hiyo anafika saa kumi na mbili na nusu. Anaandika saa aliyoitoa kwenye kipande cha plasta mlangoni. Vichupa ni vya Mkubwa mpaka vihesabiwe mbele ya wote wawili na kutiwa saini. Kasha halifungwi mpaka pakiti zote nne zitikiswe sikioni. Bodaboda anakuja saa mbili, na akipiga honi apige. Neno "tayari" tumelifuta, tunasema "inalia" au "bado".

Sasa, wale wa soda watasema kulikuwa na kinyongo pia. Haya, kilikuwepo. Anayekwenda mkoba anapata posho, anayebaki na friji hapati kitu, na Sista Mkubwa ana watoto wawili sekondari. Nililijua hilo, nikajifanya silijui kwa sababu posho ni mada inayomtoa bosi jasho. Tumeweka zamu, mwezi huyu, mwezi yule. Lakini zamu hiyo ingekuja kabla ya zile karatasi mbili, penta ingeendelea kuganda, tofauti ingekuwa nani anaigandisha.

Wala wasidhani wawili hawa sasa ni marafiki wakubwa. Chai wanakunywa meza mbalimbali. Mkubwa akienda likizo, anayeshika ufunguo huja na "tayari" yake, tunaanza upya na karatasi.

Alhamisi hii nilipita koridoni saa mbili kasorobo. Sista Mdogo ameinamisha kichwa, pakiti sikioni, anaitikisa kama mtoto anayesikiliza sarafu kwenye kibubu. Kutoka mlango wa kliniki, bila kugeuka, Sista Mkubwa akauliza:

"Inalia?"

"Bado, dada."

Nje bodaboda akapiga honi. Hakuna aliyemjibu.