Mpeni kila mtu Viewer, kisha tuanze kuongea

Wiki iliyopita link ya tawi la Dodoma ilikata kwa saa tatu, na runinga yetu ukutani, inayoonyesha dashibodi ya Grafana, programu tunayotumia kuangalia hali ya mtandao wa matawi, ikaendelea kung'aa kijani kama shamba la mpunga wakati wa masika. Sisi tuko chini yake tunakunywa chai. Aliyetuambia kwamba Dodoma hakuna mtandao ni mhasibu wa Dodoma, kwa simu, tena kwa sauti ambayo sitaiandika hapa.

Nikafungua dashibodi kwenye laptopu yangu. Kule juu, kwenye kile kichaguzi cha tawi ambacho siku zote husomeka All, yaani matawi yote, kulikuwa na neno moja: Mwanza. Runinga haikudanganya hata kidogo. Mwanza kulikuwa shwari kabisa.

Nikaenda Settings, nikabonyeza Versions. Hapo hakuna kujificha, kila aliyehifadhi anaonekana kwa jina, siku na saa. Siku nne nyuma kijana wa mauzo, mtu mpole na mwenye nia njema, alikuwa anatafuta grafu ya Mwanza ya kuweka kwenye ripoti yake. Akachagua Mwanza, akavuta grafu moja pembeni ili aione vizuri, na alipotaka kutoka Grafana ikamuuliza ahifadhi au aache. Nani anabonyeza "acha"? Sisi tumelelewa kuhifadhi kila kitu tangu enzi za umeme wa mgao. Kwenye dirisha la kuhifadhi kuna visanduku vya kuuliza kama muda na chaguo ulivyonavyo sasa viwe ndivyo vya kuanzia kwa watu wote. Akaweka tiki vyote. Nilipomuuliza, akasema alidhani ni vigezo na masharti.

Runinga yenyewe haikubadilika siku ile. Jumapili umeme ulikatika, uliporudi ikajiwasha, ikafungua dashibodi upya na kuchukua chaguo jipya la kuanzia. Ndiyo maana hakuna aliyeunganisha tukio na mtu.

Sasa, ofisini wamemlaumu yule kijana. Mimi namlaumu aliyempa Editor.

Editor maana yake unaweza kubadilisha na kuhifadhi. Viewer anaona yaleyale, anaweza hata kuchagua Mwanza na kurudisha muda nyuma wiki mbili, lakini yote yanaishia kwenye kivinjari chake na hakuna mwingine anayeathirika. Yaani kila kitu alichohitaji kijana wa mauzo siku ile, Viewer angekipata. Grafana yenyewe inajua hivyo, mtumiaji mpya anaingia kama Viewer usipogusa kitu. Kwetu kuna mtu aligusa. Alichoka kuombwa ruhusa, akabadilisha mstari mmoja kwenye grafana.ini, na tangu hapo hata wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo walikuwa wanaingia kama Editor. Mstari ulitakiwa ubaki hivi:

```ini
[users]
auto_assign_org_role = Viewer
```

Na ukishaurudisha na kuwasha upya seva, usijipongeze. Unawahusu wanaokuja tu. Wale thelathini na kitu waliokwishaingia wanabaki na Editor yao mpaka uwashushe mwenyewe.

Lakini kilichonikera zaidi kilikuja baadaye, tulipokaa kurekebisha. Mwenzangu mmoja, fundi mzuri tu, akasema hakuna haja ya kumshusha mtu. Akafungua folda yenye dashibodi ya runinga, akaingia kwenye ruhusa zake, akamwongeza kijana wa mauzo kwa jina na kumpa View. "Tayari." Nikamwambia kijana ajaribu. Akahifadhi bila shida yoyote.

Hapa ndipo watu wengi wanapoanguka, kwa hiyo nitapiga kelele kidogo: ruhusa za Grafana huongeza, hazipunguzi! Mtu akifikiwa na ruhusa mbili, kubwa ndiyo inayoshinda. Folda mpya huzaliwa na orodha yake: wenye cheo cha Editor wana Edit, wenye Viewer wana View. Ukimwandika mtu kwa jina na kumpa View huku mstari wa Editor ungali pale juu, ni sawa na kumpa ufunguo wa dirisha mtu ambaye mlango anao tayari. Mstari wa kuondoa ni ule wa Editor wenyewe. Ukiuondoa, timu yako ya mtandao ndiyo uiandike na Edit, kwa jina la timu. Na usihangaike kuibana dashibodi moja ndani ya folda iliyo wazi, kwa sababu ruhusa ya folda inashuka nayo mpaka kwenye dashibodi. Admin naye humzuii kwa njia hii kabisa, hivyo Admin wawe wachache.

Kanuni hiyohiyo ukiigeuza ndiyo dawa. Mshushe kila mtu awe Viewer, kisha mwongeze pale anapohitaji. Viewer aliyepewa Edit kwenye folda fulani anaweza kutengeneza na kuhariri dashibodi humo, na kwingine anabaki mtazamaji. Nakubali, shingo upande, kwamba watu wanahitaji mahali pa kuchezea. Mimi mwenyewe nilijifunza kwa kuharibu. Basi tumewatengenezea folda inaitwa Uwanjani, wote wana Edit, wavunje wanavyotaka.

Kuna wanaosema weka `"editable": false` kwenye dashibodi yenyewe. Hilo ni bango la "usikanyage nyasi". Editor anaweza kuliondoa kwenye Settings. Ukitaka kufuli la kweli, dashibodi ikae kwenye faili la seva na `allowUiUpdates: false`, hapo hata Admin hahifadhi juu yake kutoka kwenye kivinjari. Kwa ofisi yenye mabadiliko ya kila wiki, ni usumbufu.

Halafu runinga. Jamani, runinga! Nilipoifuatilia nikakuta imeingia kwa akaunti ya admin, na kibodi isiyo na waya iko mezani karibu na sukari. Walinzi wanatukagua mabegi mlangoni huku kibodi ya admin inakusanya makombo ya maandazi. Sasa ina akaunti yake yenye cheo cha Viewer, na anwani yake imeandikwa kila kitu ili isitegemee chaguo la mtu:

```
/d/abc123/matawi?kiosk&from=now-6h&to=now&refresh=30s&var-tawi=$__all
```

Kilicho kwenye anwani kinashinda kilichohifadhiwa. Hata dashibodi ikihifadhiwa na Mwanza, runinga itafungua matawi yote. Kero iliyobaki ni kwamba, kwa mipangilio ya kawaida, kikao cha kuingia kinaisha baada ya siku 30, kwa hiyo mara moja kwa mwezi mtu anapanda kiti kuandika nywila. Wapo wanaokwepa hilo kwa kuruhusu kuingia bila akaunti. Sawa, ila yeyote anayeifikia seva yako anaona anachoona Viewer. Na msidhani Viewer ni siri: kwenye toleo la bure anaweza kuuliza chanzo chochote cha data cha shirika lenu akijua njia.

Dashibodi niliirudisha kutoka Versions kwa kubonyeza Restore. Bahati nzuri, Grafana isipobadilishwa huweka matoleo 20 ya mwisho, na kijana alikuwa amehifadhi mara mbili tu. Jana kaniuliza kama anaweza kurudishiwa Editor. Nimempeleka Uwanjani. Kibodi iko kwenye droo yangu.