Mdhamini Wetu Kamtishia Mteja Polisi

Kuna wateja wakishalipa wanakusahau, halafu kuna Mzee wa Tegeta. Nyumba yake tuliiwekea madirisha ya alminiamu yote, yale ya kuteleza, yenye wavu wa mbu. Masika ilipoanza akanipigia simu usiku, mvua inasikika mpaka kwenye simu. Nikajua basi, sebule imejaa maji, kesho naitwa na kesho kutwa nashtakiwa. Kumbe Mzee kapiga magoti mbele ya dirisha, tochi mkononi, ananitangazia kama mechi.

"Maji yameingia kwenye reli ya chini… yanatembea… yamefika kwenye tundu… yametoka nje! Mwanangu, yametoka nje!"

Mafundi wengi hawatoboi yale matundu ya kutolea maji chini ya fremu. Maji ya mvua yakijaa kwenye reli, njia inayobaki ni kumwagikia ndani. Mzee alikuwa ameishi na madirisha ya namna hiyo miaka mingi, kila masika anakunja zulia. Furaha yake usiku ule ungedhani kaoza binti.

Neno la kutusifia lilikuwa mdomoni mwake pale pale. Ila kwenye kampuni yetu masuala ya wateja yako chini ya shemeji yangu, ambaye anaamini kitu kikiombwa harakaharaka hakina heshima. Akasubiri. Masika ikapita, zulia la Mzee likazoeleka kuwa kavu, ndipo shemeji akamtumia ujumbe huu kwa watsapu:

"Ndugu Mteja Mtukufu, kwa heshima na taadhima, uongozi unakuomba uandike maoni yako kwa kina kuhusu huduma zetu, kwa urefu wowote utakaoona unafaa."

Mzee akajibu, "Haina shida mwanangu." Kisha kimya. Kimya chenyewe cha mtu anayedaiwa. Tukikutana barabarani ananiwahi kabla sijamwamkia: "Ile kazi yako naifanyia kazi!" Siku moja nilimwona anaingia duka la nguo za kike kwa kasi ambayo mtu wa umri wake haendi bila sababu. Sababu ilikuwa mimi.

Mwishowe maoni yakaja. Picha za karatasi zilizoandikwa kwa mkono, mwandiko wa kalamu ya wino, mzuri kuliko cheti changu cha ndoa. Ukurasa wa kwanza: jinsi alivyokipata kiwanja. Wa pili: jirani aliyesogeza mpaka, na majina ya mashahidi. Wa tatu: jirani tena. Madirisha yalitajwa mwisho kabisa: "…na madirisha yapo." Shemeji akataka tuibandike hivyo hivyo kwenye ukurasa wetu. Nikamuuliza, yule jirani akiisoma?

Wakati huohuo akajitokeza msimamizi wa hosteli ya wanafunzi huko Kibaha. Alikuwa na madirisha mengi ya kubadilisha, ila kabla ya kutoa malipo ya awali alitaka kuongea na mtu tuliyemfanyia kazi. Jambo la haki kabisa. Shemeji akampa namba ya Mzee papo hapo. Kumtaarifu Mzee hakumtaarifu.

Yule mama akapiga mchana, Mzee yuko kwenye usingizi wake wa baada ya chakula. Namba ngeni. Na maneno aliyoanzia, Mungu amsamehe, yalikuwa haya: "Shikamoo Mzee, hunifahamu, nimepewa namba yako na kijana wa madirisha. Nataka nimtumie hela, sasa nikaona niulize kwanza…"

Mzee ni mtu ambaye kila wiki anapata ule ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii". Amejiandaa siku nyingi. Akamjibu kwa upole kabisa, "Hela ipo mama, njoo uichukue kituo cha polisi," akakata. Kisha akaipeleka ile namba kwenye kundi la mtaa. Mpaka alasiri msimamizi wa hosteli alikuwa amepigiwa na balozi wa nyumba kumi, kijana mmoja wa ulinzi shirikishi, na mtu aliyemwambia tu, "Tunakujua."

Mzee akanipigia kunipa pole: kuna tapeli wa kike analitumia jina langu.

Hapo ndipo dada, mke wa shemeji, alipochukua simu ya kampuni mezani. Kazini kwake yeye ni mtu wa manunuzi. Kuwapigia wadhamini wa wazabuni ndiyo kazi yake, kwa hiyo anajua anayepiga anatafuta nini. Huyo hana haja ya insha. Anataka kujua kazi ilikuwa ipi, iliisha lini ukilinganisha na ilivyoahidiwa, kuna kilichoharibika baadaye, na ungewaita tena. "Mzee wa watu hajawanyima," akamwambia mumewe. "Mmempa mtihani wa kutunga bila kumpa swali."

Akaandika hivi, namnukuu:

"Shikamoo Mzee. Ni kuhusu yale madirisha ya Tegeta. Usiku wa mvua ulisema maji yanatoka nje kwenye matundu, ndani pakavu. Tunaomba kuweka maneno yako haya kwenye ukurasa wetu: 'Mvua ya masika ilipiga usiku kucha, maji yakatoka nje, zulia langu halikulowa.' Rekebisha utakavyo. Jina tuweke, au tuandike tu Mteja wa Tegeta? Kama hupendi, hakuna neno kabisa."

Shemeji akataka iongezwe "mafundi bora Tanzania nzima". Dada akakataa katakata: Mzee siku akipigiwa simu atayarudia maneno yake mwenyewe bila kujiumauma, ila Tanzania nzima hajaizunguka.

Na kwa upande wa simu akamuuliza Mzee kwanza kama yuko tayari, na saa ngapi. Baada ya swala ya alasiri, akasema. Akamtumia jina la yule mama, namba yake, na kwamba ataulizia madirisha tu, hakuna habari ya hela. Kisha akampigia msimamizi, akamwomba radhi kwa niaba ya ukoo mzima, akamsihi atakapopiga aanze na neno "madirisha".

Chai aliyojimiminia dada haijapoa, jibu la Mzee likaingia. Ruhusa katoa, jina tuliweke. Ila alikuwa karekebisha: "Mvua ya masika ilipiga usiku kucha, maji yakatoka nje, zulia langu halikulowa. Walichelewa wiki mbili kwa sababu ya vioo, wakasema ukweli. Wanakula sana."

Shemeji akakaribia kulia. Akaanza kufuta sentensi mbili za mwisho, dada akampiga kofi la mkono. Kwake yeye, sifa tupu humfanya aongeze mtu mwingine wa kumpigia, ila hiyo ya vioo angeiamini palepale.

Jioni simu ikapigwa, safari hii Mzee yuko macho. Waliongea muda mrefu mno, nikawa natembea uani kama mume nje ya wodi ya wazazi. Hatimaye msimamizi akanipigia. Kazi katupa, malipo ya awali atatuma asubuhi, na wiki mbili za ziada amekwisha kuziweka kwenye ratiba.

"Ila kijana," akasema, "chakula mtajitegemea. Mzee amenieleza mambo ya ule ubwabwa."