Kapsheni isirudie kilichoandikwa kwenye video

Kuna rafiki yangu fundi baiskeli anayeniletea video zake nizihariri. Moja ya mwanzo ilikuwa ya kuziba pancha, sekunde 34, imepigwa vizuri, mikono inaonekana na mwanga upo. Juu ya video nikaandika: "Jinsi ya kuziba pancha ya baiskeli kwa hatua 5 rahisi". Kwenye kapsheni nikaandika hayo hayo, nikaongeza kidole kinachoelekeza chini, nikapakia, nikalala.

Asubuhi komenti zilikuwa zinasema jambo moja kwa namna nyingi: kiraka kimebanduka. Fundi akanipigia, kachukia kidogo. "Mbona nimesema wasubiri gundi ikauke? Si nimesema?" Kweli alisema, sekunde ya 17, kwa sauti safi. Ila hao waliokuwa wanalalamika hawakumsikia, maana simu zao zilikuwa kimya. Mimi nilikuwa na nafasi mbili za kuwaandikia, na zote mbili nilizijaza kwa kichwa cha habari kile kile.

Tangu siku hiyo nina msimamo ambao wenzangu wengine wanaona ni ukali: sentensi ikiwa ipo kwenye video na ipo kwenye kapsheni, moja kati ya hizo ni ya kufuta.

Mtu anayesikiliza hugawa kazi: jicho linatazama mikono, sikio linapokea maelezo. Aliyezima sauti kabaki na jicho peke yake. Jicho hilo hilo ndilo litazame mikono, lisome maandishi ya kwenye video, kisha lishuke kusoma kapsheni, na haviwezekani vyote kwa pamoja. Kila neno unalomsomesha mara mbili umelilipia kwa sekunde ambazo angetazama kazi yenyewe. Halafu ukigusa "zaidi" ili kapsheni ifunguke, kwenye video hizi za wima maandishi hupanda na kufunika sehemu ya picha, huku video ikiendelea kujirudia nyuma yake. Kwa hiyo hakuna anayesoma kapsheni huku akifuata video. Anasoma hiki, kisha kile, na kila kimoja lazima kijitosheleze kwa dakika yake.

Basi nikaifungua tena ile ya pancha. Niliitazama bila sauti, kapsheni nimeifunika kwa kidole gumba, na kila nilipoona kitu nisichokielewa nikasimamisha. Nilisimama mara mbili tu.

Mara ya kwanza ni pale kwenye gundi. Fundi anapaka gundi nyembamba kwenye tyubu, picha inakatwa, mara kiraka kinabandikwa. Kwa macho, kati ya kupaka na kubandika imepita nusu sekunde. Kumbe nilikuwa nimekata dakika tano nzima za kungoja! Mhariri yeyote angezikata, nani atazame gundi ikikauka? Lakini ule mkato ndio uliowadanganya watu. Walifanya walichokiona: wakapaka, wakabandika.

Mara ya pili ni pale fundi anapopitisha mkono ndani ya tairi, anazungusha taratibu. Anatafuta nini? Bila sauti anaonekana kama anaifuta vumbi.

Sehemu nyingine zote picha ilijieleza. Msasa ukipita juu ya tyubu, unaona mng'ao wa mpira unafifia, na hapo hapahitaji neno. Zamani ningeandika "Hatua ya 2: kwangua kwa msasa", kumweleza mtu kitu anachokitazama. Sasa niliacha patupu, na nakiri ilinichukua ujasiri kidogo, maana maandishi mengi humfanya mhariri aonekane kafanya kazi.

Maandishi ya kwenye video yakabaki matatu. Sekunde tatu za mwanzo: "Kiraka kimebanduka tena?" Kwenye mkato wa gundi: "Dakika 5 baadaye". Kwenye tairi: "Natafuta mwiba uliotoboa". Hakuna lingine. Kila moja linabeba kitu ambacho kamera haikuweza kukionyesha pale pale: shida ya mtazamaji, muda uliokatwa, nia ya mkono.

Kuhusu muda wa kuyaacha kwenye skrini, mwongozo wa Netflix wa manukuu ya Kiingereza kwa watu wazima unaruhusu hadi herufi 20 kwa sekunde, nafasi zikihesabiwa. Mimi kwa video za kazi za mikono nahesabu 12, kwa sababu macho ya mtu yako kwenye mikono na lazima yahame kwanza ndipo yasome. "Natafuta mwiba uliotoboa" ni herufi 24 pamoja na nafasi, kwa hiyo ni sekunde mbili kamili. "Dakika 5 baadaye" ni 16. Kwa hesabu sekunde moja na theluthi ingetosha, nikaipa mbili, maana hapo ndipo palipowaponza watu. Na yote nimeyapandisha juu ya katikati. Meta huwashauri watangazaji wa Reels waache wazi takriban asilimia 35 ya chini, maana ndipo jina la akaunti, kapsheni na vitufe hukaa. Kwenye picha ya pikseli 1920 kwenda juu, hizo ni pikseli 672. Nimeshaona video za watu ambamo neno la maana kuliko yote liko nyuma ya jina la akaunti.

Sasa kapsheni. Kosa ambalo ningelifanya, na naliona kila siku, ni kuandika mstari wa kwanza kama kichwa. Mstari huo ndio pekee unaochungulia chini ya video kabla mtu hajagusa "zaidi", na unaonekana wakati ule ule ambapo maandishi ya kwanza ya video yako juu. Yaani mtu anaona vyote viwili kwa mara moja, kama swali na jibu kwenye ukurasa mmoja. Kwa hiyo video ikiuliza, kapsheni isiulize. Juu kuna "Kiraka kimebanduka tena?", chini nikaweka: "Gundi ikiwa bado inang'aa, usibandike kiraka." Herufi 45, zinaingia bila kukatwa kwenye simu nilizojaribu. Hata asiyegusa "zaidi" keshaondoka na kitu, na anayeendelea kutazama atafika kwenye "Dakika 5 baadaye" akijua ni dakika tano za nini.

Baada ya mstari huo niliandika yale ambayo video haiwezi kuyabeba hata ungeipa dakika tatu. Kwamba gundi ya pancha, ambayo mafundi wengine huiita solusheni, ina kimiminika kinachotakiwa kiruke hewani kwanza. Ukibandika mapema unakifungia chini ya kiraka na mshiko unakuwa dhaifu. Kwamba dakika tano ni makadirio, kwenye baridi huchukua zaidi, hivyo tazama mng'ao na si saa tu. Kwamba usiguse pale ulipopaka, mafuta ya kidole yanaharibu. Kwamba kutafuta mwiba ni salama zaidi kwa kitambaa kuliko kwa kidole, kwani kitambaa kitanasa penye ncha. Fundi mwenyewe kwenye video anatumia kidole, ndiyo. Nilimwambia, akasema kidole chake kimeshazoea. Kapsheni ikawa mahali pa kusema "msimuige hapo" bila kumharibia picha.

Hapa wapo watakaonibishia, na wana haki. Asiyeona hutumia kisoma-skrini, na kisoma-skrini hakisomi maandishi yaliyochomwa ndani ya picha, kinasoma kapsheni. Upande wa pili, video ikipakuliwa na kutumwa kwenye WhatsApp husafiri uchi, kapsheni imebaki nyuma. Ukigawa maneno kwa ukali ninaousema, mmoja atakosa nusu moja na mwenzake atakosa nusu nyingine.

Jibu langu ni kwamba jambo moja tu linaruhusiwa kuwa pande zote mbili, nalo ni lile ambalo mtu akilikosa kazi nzima inaharibika. Kwa pancha ni kungoja. Lakini hata hilo silirudii kwa maneno yale yale. Kwenye video limekuwa muda: dakika tano. Kwenye kapsheni limekuwa dalili, gundi kuacha kung'aa, pamoja na sababu yake. Mwenye video peke yake ataziba pancha yake. Mwenye kapsheni peke yake ataziba pia, ingawa kwa shida zaidi. Mwenye zote mbili hajasomeshwa sentensi moja mara mbili. Kwa jambo lenye hatari ya kuumiza mtu ningekuwa mwangalifu zaidi na kuliandika waziwazi kotekote, urembo wa mgawanyo ukae pembeni.

Na manukuu ni kitu cha tatu, tusiyachanganye. Manukuu ni maneno ya fundi mwenyewe, kama alivyoyasema, kwa ajili ya kiziwi na kwa yeyote aliyezima sauti. Hayo hayafuatishi sheria yangu; kazi yake ni kurudia sauti kwa uaminifu. Ninachoangalia ni kuwa neno langu la juu lisitokee sekunde ile ile manukuu yanaposema kitu hicho hicho. Sekunde ya 17 fundi anaposema "subiri ikauke", manukuu yanalisema, na "Dakika 5 baadaye" yangu inaingia baada ya hapo, kwenye mkato. Ukitegemea manukuu ya kujitengeneza yenyewe, yasome kabla ya kupakia. Yangu yaliandika "kiraka" kama "haraka", na kwa video inayowasihi watu wasubiri, hilo ni balaa.

Namna ya kujua kama mgawanyo umekaa ni kusoma komenti. Watu wakiuliza kitu ambacho kapsheni imekijibu, jibu limezama mno chini ya "zaidi", lipandishe. Wakiuliza ambacho video imekionyesha, neno la kwenye skrini limepita haraka au limejificha nyuma ya vitufe.

Wiki mbili baada ya kupakia upya, mtu mmoja akauliza: viraka vyangu vina gundi yake tayari, nami ningoje dakika tano? Hapana, vile vinavyojinata havipakwi gundi wala kungojwa, na wala hatukuvifikiria. Neno lililochomwa kwenye video halifutiki bila kupakia upya na kupoteza komenti zote. Kapsheni Instagram inakuruhusu kuihariri. Nikaongeza sentensi moja, mstari wa pili, nikamjibu aitazame. Fundi akapiga tena simu usiku ule, safari hii akitaka kujua kama naweza pia kuandika hapo kuwa kidole chake hakijawahi kuchomwa.