Tunaogopa sindano, tunasahau glibenklamidi

"Mwachie vidonge vyake. Insulini itamwangusha usiku."

Ndivyo husemwa mgonjwa wa kisukari anapotakiwa kuanza insulini, kwa hofu kwamba sindano itashusha sukari yake kupita kiasi akiwa usingizini. Hofu hiyo haikuzuka hewani. Insulini ya NPH, ile ya maji meupe kama maziwa, huanza kazi saa moja au mbili baada ya kuchomwa, hufika kileleni kati ya saa ya nne na ya kumi, kisha hufifia taratibu. Ukiichoma saa 1 jioni, kilele kinaangukia kati ya saa 5 usiku na saa 11 alfajiri, mgonjwa akiwa amelala na tumbo tupu. Hapo ndipo watu huamka wametota jasho, au hushindwa kuamka.

Lakini hatari hiyo tunajua saa yake. Sindano ikisogezwa hadi saa 4 usiku, sehemu kubwa ya kilele inahamia alfajiri, wakati ini linapomwaga sukari na kifungua kinywa kimekaribia. Ukiwa na shaka, pima sukari saa 9 usiku. Glargini, insulini nyingine ambayo haina kilele cha kutajwa na hudumu karibu saa 24, hupunguza tatizo hili zaidi. Insulini ya kawaida inayochomwa kabla ya kula huanza kazi baada ya nusu saa na kwisha ndani ya saa tano hadi nane. Kila moja ina ratiba yake, na ratiba inaweza kupangwa.

Sasa tazama kidonge kinachodhaniwa kuwa mpole. Glibenklamidi hufunga milango ya potasiamu kwenye seli za beta za kongosho, zile zinazotengeneza insulini, kalsiamu ikaingia, insulini ikatoka. Haisubiri kuona kama kuna sukari ya kushughulikia. Mabaki yake baada ya kuvunjwa na ini bado yana nguvu, na sehemu yake hutolewa na figo. Figo zikichoka, hukaa mwilini.

Chukua mgonjwa wa miaka 72 mwenye figo dhaifu, anayemeza miligramu 5 asubuhi na 5 jioni. Ana homa, jioni amekula vijiko viwili tu, lakini dawa amemeza kama kawaida. Saa 6 usiku anaongea maneno yasiyoeleweka, na nyumbani wanadhani ni kiharusi. Kipimo cha sukari kinasoma milimoli 2.3 kwa lita, chini mno. Anapewa glukosi kwa mshipa, inapanda hadi 7.4, anazungumza vizuri, saa 8 anaruhusiwa. Saa 11 alfajiri anarudi akiwa na 2.1.

Kosa ni kumruhusu. Glukosi imerekebisha namba, dawa bado ipo, na sukari ile iliyopanda yenyewe imelichochea kongosho kutoa insulini zaidi. Mgonjwa wa aina hii hulazwa angalau saa 24, hupimwa mara kwa mara hata akionekana mzima, na akiendelea kushuka hupewa oktreotidi, ambayo huzuia kongosho kutoa insulini. Ndiyo maana orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani inatahadharisha kwamba glibenklamidi haifai kwa wenye zaidi ya miaka 60.

Upande wa vidonge una hoja, ila si ya vidonge vyote kwa pamoja. Gliklazidi ni ya kundi lilelile la glibenklamidi, lakini mabaki yake hayana nguvu ya kushusha sukari, hivyo huangusha watu mara chache zaidi. Metformini haigusi kongosho. Inalizuia ini kutengeneza sukari, na ikiwa peke yake ni nadra kuishusha kupita kiasi. Ubaya wake ni tumbo kuvurugika, vitamini B12 kupungua miaka ikipita, na kuachwa kabisa uchujaji wa figo ukishuka chini ya mililita 30 kwa dakika.

Insulini nayo si malaika. Huongeza uzito. NPH isiyobiringishwa viganjani hadi ichanganyike huleta dozi isiyo sawa na ya jana. Na figo ndizo huondoa sehemu ya insulini mwilini, kwa hiyo zikidhoofika, uniti za mwaka jana zinaweza kuwa nyingi mno mwaka huu.

Kwa mgonjwa wetu ningeacha glibenklamidi moja kwa moja. Kama bado anahitaji insulini baada ya athari yake kuisha, ningeanza na uniti 0.1 kwa kila kilo, yaani uniti 6 za NPH saa 4 usiku kama ana kilo 60, nikiongeza polepole kwa kufuata kipimo cha asubuhi kabla hajala. Ila kama anaishi peke yake na haoni mistari ya bomba la sindano, hesabu inabadilika. Linagliptini, kidonge kingine cha kisukari, kisichohitaji kupunguzwa kwa ajili ya figo na ambacho ni nadra kuangusha sukari kikiwa peke yake, kinamfaa zaidi, hata kama sukari yake itabaki juu kidogo.