Barua ya kupandisha kodi: sababu ipi inasimama?

"Mwenye nyumba ameniandikia kwamba mkataba mpya utakuja na ongezeko la asilimia 12 kwa kuwa gharama za matengenezo zimepanda, na kwamba nisipojibu ndani ya siku 14 atahesabu nimekubali. Je, ametenda haki?"

Kwa upande mmoja ametenda haki. Mkataba unapofikia ukomo, mwenye nyumba ana nafasi halali ya kupendekeza masharti mapya, na kuandika barua yenye sababu na muda wa kujibu ni uungwana unaopita ule wa kugonga mlango siku ya mwisho. Lakini sababu aliyoitoa inahitaji kupimwa, kwa sababu gharama ni sehemu tu ya kodi. Tuseme katika kila 100 anayopokea, 30 huenda kwenye matengenezo, bima na tozo, na gharama hizo zimepanda kwa asilimia 20, yaani kutoka 30 hadi 36. Zilizoongezeka ni 6, si 12. Nusu ya pili huenda inatokana na bei za nyumba jirani, na hiyo nayo ni hoja, ila ilipaswa kuandikwa waziwazi ili mpangaji aweze kuilinganisha na nyumba zinazofanana na yake. Vilevile, pampu iliyoungua ikabadilishwa ni matengenezo ya kawaida. Tangi jipya ambalo halikuwapo ndilo linaloiongezea nyumba thamani.

Sharti la ukimya ndilo linalonisumbua zaidi. Kwa kanuni ya jumla ya mikataba, kunyamaza hakuhesabiwi kuwa ni kukubali, isipokuwa kama mkataba wenyewe au sheria inasema hivyo. Hata hivyo nisingemshauri mpangaji aitegemee kanuni hiyo na kukaa kimya, maana akilipa kodi mpya mwezi wa kwanza bila kupinga, malipo hayo yanaweza kuchukuliwa kuwa ndiyo ridhaa yake. Aangalie pia siku 14 zinahesabiwa kuanzia lini: barua yenye tarehe 1 ikimfikia tarehe 9, amebakiwa na siku 6 tu, na ana haki ya kuomba muda uhesabiwe tangu alipoipokea.

Mwenye nyumba naye apige hesabu yake. Ongezeko la asilimia 12 kwa mwaka mzima halifiki kodi ya mwezi mmoja na nusu. Mpangaji mwaminifu akihama na nyumba ikakaa tupu muda huo, faida ya mwaka mzima imekwisha, kabla hata ya rangi na malipo ya dalali. Ndiyo maana ningemwandikia hivi: "Nimepokea barua yako tarehe 9. Nakubali ongezeko la asilimia 6 linaloendana na gharama, kwa mkataba wa miaka 2 usiobadilika kodi. Kwa kiasi kilichobaki, naomba unioneshe msingi wake kabla hatujasaini."